Bibi Asiyeona na Kili Nne: Hadithi ya Kukumbukia Mgawanyiko wa Seli



Daftari la baiolojia la mwanafunzi wa sekondari lina ukurasa mmoja unaofanana karibu kila shule. Juu pameandikwa mitosisi, na chini yake zimo sentensi sita hivi. Katika interfezi DNA hujinakili. Katika profezi kromosomu hufupika na kunenepa, na utando wa kiini hutoweka. Katika metafezi kromosomu hujipanga katikati ya seli. Katika anafezi kromatidi hutengana na kuvutwa kuelekea ncha mbili za seli. Katika telofezi utando wa kiini hujengwa upya. Mwisho seli yenyewe hugawanyika zikapatikana mbili.

Sentensi zote hizo ni za kweli. Mwanafunzi huzishika kwa kukariri herufi za mwanzo za hatua, na siku ya mtihani huziandika kwa mpangilio bila kukosea. Lakini herufi humpa mpangilio tu. Muulize kwa nini kromosomu hufupika kwanza ndipo zijipange, wala si kinyume chake, atanyamaza. Muulize katika anafezi seli ina kromosomu ngapi, atabahatisha. Ameshika majina ya vituo, lakini hajui safari ilikuwa ya nini.

Ninachotaka kuwaonyesha jioni hii ni kwamba hadithi fupi inaweza kufanya kazi hiyo ambayo herufi haziwezi, kwa sharti moja: kila tukio katika hadithi liwe limelazimishwa na tukio lililotangulia. Hadithi inayoweka tu wahusika sita mmoja baada ya mwingine haizidi orodha, isipokuwa ni ndefu zaidi.

Nguvu ya hadithi katika kukumbuka imepimwa. Mwaka 1969 Gordon Bower na Michal Clark, wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliwapa wanafunzi orodha 12, kila moja ikiwa na maneno kumi. Kundi moja liliambiwa litunge hadithi kwa maneno ya kila orodha, kundi la pili likajifunza kwa njia liliyoizoea, kwa muda uleule. Baada ya kila orodha, makundi yote mawili yalikumbuka vizuri. Tofauti ilikuja mwishoni, walipoulizwa orodha zote 12 kwa pamoja: waliotunga hadithi walikumbuka kama asilimia 93 ya maneno, na wengine asilimia 13. Tuweke akilini kwamba yale yalikuwa maneno yasiyo na uhusiano wowote. Hatua za mitosisi tayari zina uhusiano wa sababu na matokeo, kwa hiyo kazi ya mtunzi ni kuufichua.

Wa kwanza kuzipanga hatua hizi vizuri alilazimika naye kutunga masimulizi. Walther Flemming, wa Chuo Kikuu cha Kiel huko Ujerumani, alitumia viluwiluwi vya salamanda kwa sababu seli zao ni kubwa. Nyingi ya seli alizochora zilikuwa zimekufa na kutiwa rangi, kila moja imesimamishwa katika dakika yake. Alikuwa mbele ya lundo la picha zisizo na namba, akaamua ipi inatangulia na ipi inafuata, na akazitazama seli hai ili kuhakikisha. Kitabu chake kikatoka mwaka 1882. Mwanafunzi akitunga hadithi ya mitosisi, basi, anarudia kazi halisi ya sayansi hii.

Sasa hadithi yenyewe. Nimeitungia katika nyumba ya wasuka mikeka. Kwa wasiojua, ukili ni ule utepe mrefu wa majani ya mkindu unaosukwa kwanza, halafu kili hushonwa pamoja zikawa mkeka.

Katika kijiji cha wasuka mikeka aliishi bibi mmoja asiyeona. Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja kilichofungwa, na ndani ya chumba hicho zilitandazwa kili nne. Mbili zilikuwa ndefu na mbili fupi. Ukili mrefu mmoja ulitoka kwa ukoo wa baba yake, wa pili kwa ukoo wa mama yake, na zile fupi vivyo hivyo. Nakshi zote za mikeka ya nyumba ile zilisukwa humo, na watu wa nyumbani waliingia kutwa kuzisoma ili wajue cha kushona. Ndiyo maana hazikukunjwa.

Siku moja wajukuu zake mapacha, Kulwa na Doto, walimwendea.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, wajukuu zangu.”

“Bibi, nyumba imetubana. Tunataka kila mmoja awe na yake.”

“Nyumba mtagawana,” akasema bibi. “Nakshi hazigawanywi. Kila mmoja ataondoka na zote.”

Basi akakaa kusuka. Kwa siku 23 alisuka nakala ya kila ukili, jani kwa jani, na kila nakala ilipokamilika aliishona na ukili wake kwa mshono mmoja. Mafungu yalibaki manne, ila sasa kila fungu lilikuwa na kili mbili zilizo sawasawa.

Alfajiri ya siku ya 24 bibi aliwaita wote. “Tukizivuta zikiwa zimetandazwa hivi zitasokotana na kukatika,” akasema. “Zikunjeni.” Zikakunjwa zikawa mapindi manne mafupi, manene. Tangu hapo hakuna aliyeweza kuzisoma, na kazi ya kushona mikeka ikasimama. Kisha wakabomoa kuta za chumba, maana kamba haipiti ukutani. Kulwa akaenda mwisho wa nyumba upande wa mashariki, Doto upande wa magharibi, kila mmoja na kamba zake.

Bibi akafunga njuga kwenye kila pindi. “Mimi sioni,” akasema. “Pindi ambalo halijafungwa pande zote mbili litayumba, na njuga zitalia. Likikazwa huku na huku litatulia.”

Wakarusha kamba. Pindi moja lilinaswa na Kulwa peke yake, likaburutwa mashariki huku njuga zikilia, mpaka Doto naye akalipata upande wa pili. Kwa kuwa mmoja alivuta huku na mwenzake kule kwa nguvu zilizo sawa, mapindi yalisogea yakasimama katikati ya nyumba, moja moja, katika mstari mmoja. Ukili mrefu wa ukoo wa baba haukumtafuta mwenzake wa ukoo wa mama. Kila mmoja ulikaa mahali pake.

Mapindi matatu yakatulia. La nne lilikuwa bado linayumba.

“Bibi, toa amri,” akasema Kulwa. “Matatu tayari.”

“Bado nasikia njuga.”

Wakangoja. Doto akarusha kamba, akakosa, akarusha tena, akapata. Njuga zikanyamaza. Hapo bibi akasema, “Kateni!” na mishono yote minne ikakatwa kwa wakati mmoja. Kili zikaachana, kila moja ikavutwa upande wake, pale penye kamba pakitangulia na ncha zikiburuzika nyuma.

Kulwa akapata nne: ndefu mbili, fupi mbili. Doto akapata vilevile. Kila mmoja akajenga kuta kuzizunguka, akazikunjua zipate kusomeka tena. Mwisho mafundi wakajenga ukuta wa kuigawa nyumba, wakianzia katikati kabisa na kwenda pembeni hadi wakagusana na kuta za nje. Zikawa nyumba mbili.

Hadithi imekwisha, na nadhani mmeona inavyolingana na daftari. Chumba ni kiini. Ukili ni kromosomu, kili mbili zilizoshonwa pamoja ni kromatidi mbili, na penye mshono ni sentromia. Kusuka ni interfezi, kukunja na kubomoa kuta ni profezi, mstari wa katikati ni metafezi, kukata na kuvuta ni anafezi, kujenga chumba na kukunjua ni telofezi. Kamba ni nyuzi za spindeli. Ukuta wa mwisho nimeujenga kuanzia katikati makusudi, kwa sababu ndivyo seli ya mmea inavyofanya. Seli ya mnyama haina ukuta mgumu, kwa hiyo yenyewe hubanwa kiunoni kutoka nje kuelekea ndani mpaka ikakatika.

Lakini kulinganisha majina ni sehemu nyepesi. Thamani ya hadithi iko mahali ambapo daftari huwa linamwacha mwanafunzi hewani, na hapo nataka tukae kidogo.

Kwanza ni hesabu. Daftari linasema DNA hujinakili katika interfezi, na mwanafunzi kwa haki kabisa huandika kwamba kromosomu nne zimekuwa nane. Mtihani unamwambia amekosa, naye haelewi kwa nini. Mrudishe kwa bibi umwombe ahesabu mafungu. Bibi aliposuka nakala aliishona na ukili wake, kwa hiyo mafungu yalibaki manne. Sisi huhesabu kromosomu kwa kuhesabu sentromia: kromosomu nne, kromatidi nane. Dakika mishono inapokatwa, kila ukili unasimama peke yake na unahesabiwa peke yake. Sasa ni kromosomu nane, na bado zote zimo ndani ya seli moja. Nyumba zikigawanyika, nne huku, nne kule. Akiielewa hesabu hiyo, mpeni kitunguu maji, ambacho kina kromosomu 16: ataona 16 zenye kromatidi 32 katika metafezi, 32 katika anafezi, na 16 katika kila seli mpya. Kwa seli ya binadamu ni 46 zenye kromatidi 92, kisha 92, kisha 46 na 46.

Pili ni muda. Daftari huipa kila hatua mstari mmoja, na mwanafunzi akadhani zinachukua muda sawa. Siku 23 za kusuka na siku moja ya kugawana sikuziokota hewani. Seli ya binadamu inayokuzwa maabara hutumia kama saa 24 kwa mzunguko mzima, na mitosisi yenyewe huchukua takriban saa moja. Wengi wetu tulifundishwa kuiita interfezi hatua ya mapumziko. Naomba neno hilo tuliache, kwa sababu ndiyo hatua ambayo mikeka inashonwa na nakala zinasukwa.

Jambo hili linaonekana kwa darubini. Chukueni ncha ya mzizi mchanga wa kitunguu, milimita chache za mwisho, muilegeze kwa asidi hidrokloriki ya vuguvugu, muitie rangi ya aseto-orseini, muibonyeze taratibu chini ya kifuniko cha kioo. Seli nyingi zitakuwa na kiini cha duara kilichotulia, maana kwao bibi bado anasuka. Katika zinazogawanyika, nyingi zitakuwa katika profezi, na anafezi zitatafutwa kwa subira. Si kwamba anafezi ni jambo la nadra. Ni la haraka: mishono ikishakatwa, kuvutwa huisha baada ya dakika chache. Kwa hiyo wingi wa seli katika hatua fulani hutuonyesha urefu wa hatua hiyo. Tuseme mwanafunzi amehesabu seli 200, nne zikiwa katika metafezi, na mzunguko mzima tuuchukulie kuwa wa saa 24. Nne katika 200 ni sehemu ya 50, na sehemu ya 50 ya saa 24 ni karibu dakika 29. Hesabu hii inakubalika mradi seli zile hazikuanza kugawanyika kwa wakati mmoja, na katika mzizi kila seli huwa na wakati wake.

Tatu ni njuga, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Madaftari mengi yanasema tu kwamba kromosomu hujipanga katikati, kana kwamba zimeamriwa. Ukweli ni kwamba kromosomu ambayo sentromia yake haijashikwa vizuri kutoka pande zote mbili hutoa ishara ya kuizuia seli. Hata moja ikibaki inatosha kuingojesha seli nzima. Ishara ikizimika, kimeng'enya kiitwacho separasi huachiliwa, nacho hukata kohesini, ile protini inayoshikanisha kromatidi mbili. Ndiyo maana bibi nimemfanya asione: seli haitazami mstari ikaridhika kwamba umenyooka. Inangoja kelele ziishe.

Na je, kama bibi angemsikiliza Kulwa? Lile pindi la nne lilikuwa limefungwa upande wa mashariki peke yake. Kamba ingelivuta zima, kili zote mbili, kwa Kulwa. Angeondoka na tano, Doto na tatu. Seli zenye hesabu ya namna hiyo mara nyingi hufa au hudumaa, na seli nyingi za saratani zina idadi ya kromosomu iliyovurugika hivyo. Mwambieni mwanafunzi achore tokeo hilo. Akiweza kulichora bila kuonyeshwa, ameielewa metafezi.

Tumwongezee swali jingine lisilo katika daftari: kamba zote zikiharibika, itakuwaje? Njuga zitaendelea kulia, bibi hatatoa amri, na seli itakwama na mapindi yake bila kugawanyika. Hili hutokea hospitalini kwa makusudi. Ua la rangi ya waridi lililotoka Madagaska, lililopandwa kwenye bustani nyingi za Afrika Mashariki, lina kemikali iitwayo vinkristini. Dawa hii hushika protini zinazounda nyuzi za spindeli, nyuzi zikashindwa kujengeka, na seli zinazotaka kugawanyika hukwama, nyingi zikafa. Imetumika kwa miaka mingi kutibu watoto wenye uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Kampala, na ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Mwanafunzi anayeijua hadithi ya bibi anaweza kueleza dawa hiyo inafanya nini kabla hajaisoma popote.

Hata hivyo hadithi ina mipaka, na mwalimu mwaminifu huitaja. Wagonjwa wanaotumia vinkristini mara nyingi hupata ganzi vidoleni na miguuni. Seli za neva zilizokomaa hazigawanyiki, basi kwa nini ziumie? Kwa sababu nyuzi za aina ileile hutumika ndani ya neva kusafirishia vitu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hilo bibi hawezi kutueleza, na tusimlazimishe.

Yapo mambo mawili zaidi ambayo hadithi inayapotosha. Katika seli hakuna bibi. Hakuna chombo kimoja kilichokaa kikitoa amri. Kuna protini zinazokutana na kuachana, na kinachoonekana kama amri ni ishara ya kuzuia iliyokoma. Tena Kulwa na Doto huvuta kamba kwa mikono, ilhali nyuzi za spindeli hufupika kwa kufumuka, hasa pale zilipoishika kromosomu, na kromosomu husogea kadiri uzi unavyoisha. Mimi huyaeleza haya baada ya mwanafunzi kuishika hadithi, si kabla. Akiyapata mapema hubaki na hadithi iliyotoboka na sayansi isiyokamilika.

Walimu wataniuliza kama hadithi hii inafaa pia kwa meiosisi. Inafaa, lakini kwa kubadilisha mambo ambayo mwanafunzi lazima ayasikie waziwazi. Bibi anasuka nakala na kuzishona kama kwanza. Lakini safari hii fungu refu la ukoo wa baba linamtafuta mwenzake wa ukoo wa mama, yanalala ubavu kwa ubavu, yanabadilishana vipande vya nakshi, na mabadilishano hayo ndiyo yanayoyashikanisha. Mstari wa katikati sasa ni wa mafungu mawili mawili. Kulwa anafunga kamba fungu moja zima, Doto anafunga jingine, na bibi anapotoa amri, mshono wa sentromia haukatwi. Kila mmoja anaondoka na mafungu mawili, refu moja na fupi moja, yakiwa bado na nakala zake. Kisha, bila kusuka kwingine, kila nyumba inagawanywa mara ya pili, na hapo ndipo mishono inakatwa. Nyumba ni nne, kila moja ina kili mbili, na kwa ajili ya mabadilishano yale nakshi za nyumba hazilingani tena. Mwanafunzi aliyehesabu nne, nane, nne katika mitosisi na ahesabu hapa kwa njia ileile, kwa kufuata mishono, na aandike namba kando ya kila mchoro kabla ya kuandika jina la hatua.